"Dada nimjibu nini huyu": kujibu palepale, kwenda inboksi, kunyamaza au kufuta

Meseji yenyewe ilikuwa hayo maneno manne tu, na juu yake skrinshoti. Mtumaji ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaoka keki nyumbani Mbagala na wateja wake karibu wote anawapata Instagram. Jumamosi alipeleka keki ya harusi ya ghorofa tatu Tabata, Jumapili asubuhi kaamka anakuta chini ya picha ya ile keki mtu kaandika hivi:

> Keki kavu kama tofali na imefika watu washaanza kuaga. Kama kazi hamuiwezi semeni. Kumbe mayai ya wateja anakula mwenyewe ndo maana kafura vile 😂😂

Sasa hiyo ndo aina ya komenti ngumu kuliko zote, maana ina vitu viwili ndani yake. Kuna lalamiko la kweli (au linaloweza kuwa kweli) na kuna tusi, na vimefungwa pamoja makusudi. Ingekuwa tusi tupu ningemwambia achana naye, ingekuwa lalamiko tupu ningemwambia omba radhi rekebisha yaishe. Ila ukijibu tusi unaonekana unakimbia lalamiko, na ukijibu lalamiko moyo unakuuma kwamba umemeza tusi. Kwahiyo naweka hapa njia zote nne tulizozipima siku ile, na rasimu zenyewe, ili mwenye la kwake achague kulingana na la kwake.

Kabla ya kuandika chochote

Kwanza nilimpa pole. Naliweka hili mwanzo kwa sababu mtu akituma skrinshoti na "nijibu nini" mara nyingi hajaanza hata kufikiria jibu, anatetemeka, na ukimrukia na rasimu palepale anaikopi bila kuisoma. Nikamuuliza umekula? Hajala. Kunywa chai kwanza.

Halafu nikaomba skrinshoti nyingine. Ile ya kwanza alikuwa kaikata ikabaki komenti peke yake, na komenti peke yake haisemi mengi. Nilitaka kuona ipo chini ya posti gani, ina laiki ngapi, kuna mtu keshajibu chini yake, na huyo mwandishi kaandika kabla au baada ya mtu mwingine kusifia. Hilo la mwisho ni dogo ila linasaidia, kwa sababu mara nyingine komenti chungu ni majibizano ya watu wawili wengine na wewe umepitiwa tu. Hapa haikuwa hivyo. Ilisimama yenyewe, ina laiki kama sita, na shosti wake mmoja alikuwa tayari kamjibu "mshamba wewe keki hujawahi kula", kitu ambacho hakikusaidia hata kidogo, nikamwambia ampigie huyo shosti aifute kwa upendo.

Swali la tatu ndo kubwa: ilitokea nini kweli? Sio "anasema uongo au ukweli", hapana, nieleze kipande kwa kipande. Akaanza kufunguka. Walikubaliana saa tisa alasiri, kirikuu ikakwama foleni ya Mandela, keki imefika saa kumi na mbili kasoro. Kwahiyo kuchelewa ni kweli, hakuna mjadala. Ukavu je? Hapo ilibidi ampigie bibi harusi mwenyewe, na bibi harusi akasema ile ya juu waliyokatia maharusi ilikuwa safi, ila vipande vya wageni vilikatwa vyote kwa mkupuo vikaachwa kwenye trei wazi, feni inapuliza, mpaka watu wanakuja kugawiwa vishakauka. Mdogo wangu naye akakubali kwamba zile mbili za chini alizioka Alhamisi na sirapu aliipaka kidogo. Kwahiyo ukavu ni nusu kwa nusu, na hakuna namna ya kuthibitisha nusu ya nani.

Na aliyeandika ni nani? Mdogo wa bibi harusi. Sio aliyelipa. Hii inabadilisha jibu lote, nitaifikia.

Naona watu wengi wanaruka hatua hii wanaenda moja kwa moja kwenye maneno matamu. Jibu tulivu ambalo halijui kilichotokea ni hatari kuliko kukaa kimya, maana ukikanusha kuchelewa halafu mgeni mwingine akaja na video ya ukumbi yenye keki inaingia giza linaanza, umekwisha.

Njia nne kwa mkupuo

| Njia | Nani anaiona | Inafaa lini | Inaharibikia wapi |
|---|---|---|---|
| Kujibu palepale kwenye komenti | Kila anayepita | Kuna lalamiko la kweli ndani yake | Ukiandika na hasira, inabaki |
| Inboksi peke yake | Nyie wawili | Mnafahamiana, au kuna mambo ya hela | Wengine wanaona umekaa kimya, na meseji inaweza isisomwe |
| Kunyamaza | Hakuna | Tusi tupu, mtu asiyekujua | Lalamiko linabaki bila upande wako |
| Kufuta, Restrict, Block | Inategemea | Matusi ya kurudia, vitisho | Ukifuta lalamiko la kweli anarudi na skrinshoti |

Kwa kesi yetu tulichagua ya kwanza, na nitakaa hapo zaidi maana ndo yenye kazi. Sababu ni moja: huyo mdogo wa bibi harusi sio msomaji wa jibu. Msomaji ni yule dada wa Kigamboni anayetaka keki ya send-ofu mwezi ujao, kaingia kwenye peji anashuka taratibu anasoma komenti, anajiuliza hawa watu kitu kikiharibika wanakuwaje. Kila keki ikitoka nzuri hawezi kulijua hilo. Hii komenti ndo nafasi yake ya kujua.

Rasimu tatu tulizozitupa

Ya kwanza aliiandika yeye mwenyewe kabla hata sijampa rasimu yoyote, na namshukuru Mungu aliiandika kwenye WhatsApp kwangu na sio kwenye kiboksi cha komenti:

> We nani? Aliyelipa ni dada yako sio wewe, tena mwambie amalizie ile laki na nusu anayodaiwa ndo mje muongelee ukavu. Na unene wangu haujala kwenu.

Nilicheka, siwezi kudanganya, sentensi ya mwisho ni nzuri mno. Na kila alichosema ni kweli, dada mtu alikuwa kalipa laki tatu kati ya laki nne na nusu. Ndo ubaya wake huo. Kumbe bibi harusi hajasema neno lolote baya, katulia kwake na mumewe, na wewe umemtangazia deni lake mbele ya mawifi na mashemeji. Kesho hata kama alikuwa anataka kukulipa hakulipi tena, na yule dada wa Kigamboni anawaza, mi nikibakiza elfu hamsini nami nitaanikwa? Mambo ya hela ya mteja hayaguswi kwenye komenti, hata kama una haki, hata kama una risiti.

Halafu kuna kitu kingine watu wanasahau. Yule mtu anaweza kufuta komenti yake saa yoyote, na akiifuta majibu yote ya chini yake yanaondoka nayo. Ila kama alishapiga skrinshoti ya jibu lako, kinachozunguka kwenye magrupu ya ukoo ni jibu lako peke yake, tusi lake halipo. Kwahiyo kila jibu liandike ukijua linaweza kusomwa bila kile lilichokuwa linajibu. Ijaribu hapo juu, isome hiyo rasimu peke yake kama hujaona komenti. Unaona nani mkorofi?

Ya pili aliileta baada ya mimi kusema "punguza moto", akapunguza mpaka ikaisha:

> Samahani sana sana mpenzi 🙏🙏 tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza, wewe ni mteja wetu wa thamani na tunakupenda ❤️❤️

Hii inaonekana salama na ndo maana kila peji ya biashara wanaitumia. Ila isome vizuri. "Usumbufu wowote uliojitokeza", usumbufu upi? Haijasema kuchelewa, haijasema ukavu, ukiikopi ukaibandika kwa mtu wa vifurushi vya intaneti inakaa vilevile. Pia inakubali kila kitu kwa mpigo, pamoja na kula mayai ya wateja. Na inamuita mteja mtu ambaye sio mteja, maana yake hujui hata unaongea na nani. Na "mpenzi" kwa mtu aliyekutukana dakika kumi zilizopita haiaminiki, kila Mswahili akiisoma anajua umekunja uso.

Ya tatu sasa ndo ya hatari zaidi kwa sababu inavaa nguo za utulivu:

> Asante kwa maoni yako 😊 Mungu akubariki sana na akuzidishie.

Hiki ni kijembe. Hakuna mtu aliyekulia uswahilini asiyejua hicho ni kijembe, na hako ka-emoji ndo kamekolezea. Ukiandika hivi ujue umefungua uwanja, mwenzio atarudi na "amina na wewe Mungu akupunguzie" na hapo mmeshaanza taarabu, mashosti wanaingia na vigelegele, lalamiko la keki kila mtu kalisahau. Watu wanachanganya kuwa mpole na kutotukana. Kijembe hakina tusi hata moja na bado ni ugomvi. Kipimo changu ni hiki: ukimaliza kuandika ukajikuta unatabasamu upande mmoja wa mdomo, futa.

Iliyokwenda hewani

> Habari. Ni kweli keki ilichelewa, tulikubaliana saa tisa ikafika karibu saa kumi na mbili. Hilo ni kosa letu na nimemuomba radhi bibi harusi. Kuhusu ukavu nimeshaongea naye pia na tunalimaliza pamoja. Ukitaka kuniambia zaidi nipigie, namba iko kwenye bio.

Sio sentensi za ajabu, nitazipitia kwa sababu kila moja ina kazi yake.

"Habari" na sio "habari mpenzi" wala "we dada". Mtu humjui, salamu ya kawaida inatosha. Angekuwa anajulikana ni mtu mzima ningeweka shikamoo, na sio kwa kejeli.

Kuchelewa kumetajwa na saa zake. Hapa mdogo wangu aligoma kidogo, anasema kwanini nijianike, si niseme tu "ilichelewa kidogo". Sasa "kidogo" ndo neno linaloleta vita. Mtu aliyekaa ukumbini karibu masaa matatu anaangalia meza tupu, ukimwambia kidogo anarudi kukusahihisha. Ukitaja saa mwenyewe hana cha kuongeza. Na foleni hatukuitaja kabisa. Ni sababu ya kweli ila kwenye komenti inasomeka kama kisingizio, foleni ya Mandela kila mtu anaijua na kila mtu anategemewa aondoke mapema.

Ukavu haujakubaliwa wala kukataliwa. Tungeweza kueleza habari ya trei na feni, na ni kweli tupu, ila maana yake ni kuwalaumu kamati ya harusi na watu wa chakula mbele za watu, kwa kitu usichoweza kuonyesha. "Nimeshaongea naye" inatosha, na inafanya kazi nyingine kimya kimya, inakumbusha kwamba mwenye keki ni bibi harusi na keshapigiwa. Lakini iandike tu kama umeshaongea naye kweli! Ukiandika hujapiga, bibi harusi mwenyewe anakuja chini kusema "mimi mbona hujanipigia", hapo hata mimi sikusaidii.

Mwisho ni mlango. Sio "njoo inboksi", kwa sababu hiyo imeshatumika vibaya sana huku mjini, watu wanaisikia kama "njoo nikufiche". Namba ya simu ni wazi zaidi, na ukweli ni kwamba watu wengi wenye ujasiri wa kuandika hawana ujasiri wa kupiga.

Tulianza saa nne asubuhi, jibu likapandishwa saa nane mchana. Huko katikati alipiga simu kwa bibi harusi na kwa dereva, na akala. Kuna wanaosema subiri siku nzima, mi naona kwa komenti yenye lalamiko siku nzima ni nyingi, watu wanazidi kupita na hawaoni upande wako, ila lisijibiwe kabla ya zile simu.

Na lile la mwili?

Hapa ndo tulibishana kweli. Rasimu ya kwanza ya hiyo iliyopanda ilikuwa na sentensi moja zaidi mwishoni, "maneno ya mwili wangu naomba tuyaache". Ziweke sambamba, moja inayo moja haina.

Ikiwepo, yeye anajisikia kajitetea, na sio kitu kidogo hicho. Watu wengine wanene wanaopita wanaona kuna mtu kasema imetosha. Ila sentensi ya mwisho ndo inayobaki kichwani, na jibu linageuka kuwa kuhusu mwili wake. Anayetaka kuendeleza amepewa pa kushika, keshajua wapi panauma. Na kuna wale wasiosoma komenti ya juu vizuri, walikuwa hawajaliona hilo tusi, sasa wanarudi juu kulitafuta.

Isipokuwepo, lalamiko limejibiwa na tusi limebaki pale limesimama peke yake bila mtu wa kulisemesha, na huwa linaonekana baya zaidi likiwa hivyo. Gharama yake ni kwamba mwandishi anabaki na kitu kooni.

Mi nilishika upande wa kuliacha, kwa sababu ile peji ni ya keki, sura yake haipo hata kwenye profaili, na mtu huyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Ingekuwa peji yake binafsi, au mtu mwenyewe anarudiarudia kila posti, ningeiweka, tena ningeiweka mwanzo na sio mwisho, fupi, halafu naendelea na mengine: "Ya mwili wangu siyajibu. Kuhusu keki, ..." Ukiiweka mwanzo inapita, sentensi ya mwisho inabaki ya kazi.

Kile cha kooni alikitoa kwangu, voisnoti ya dakika nne, matusi yote anayoyajua na mengine alitunga. Hiyo ni sehemu ya kuandika jibu tulivu pia, lazima yale mengine yaende mahali.

Yule mtu alijibu jioni: "Sawa ila siku nyingine muwe siriasi." Hakuomba radhi. Mdogo wangu akataka kujibu tena, nikamwambia weka laiki basi. Jibu la pili huwa linahitajika pale tu mtu akiuliza swali jipya au akisema kitu kipya ambacho sio kweli, na hapo ni sentensi moja ya kusahihisha. La tatu halipo. Ukifika la tatu nyie sasa ni watu wawili mnaozozana kwenye peji ya keki.

Kwanini sio inboksi

Inboksi nzuri yake ni kwamba mtu akiwa peke yake bila mashabiki anapungua ukali, na mnaweza kuongea hela. Angekuwa ameandika bibi harusi mwenyewe ningesema jibu fupi kwenye komenti, halafu fidia yote inboksi au simu, wangapi walikosa keki, anapunguziwa kiasi gani kwenye ile laki na nusu.

Ila kwa mtu usiyefuatana naye Instagram, meseji yako inaangukia kwenye Requests, na kuna watu hawafungui pale kabisa. Unakaa unasubiri ujibiwe, unadhani anakudharau, kumbe hajaiona. Na wakati huo kule juu kwenye komenti inaonekana hujasema kitu. Halafu inboksi nayo inapigwa skrinshoti kama kawaida, kwahiyo usije ukajiachia ukadhani ni faragha.

Kunyamaza, kufuta na vile vibonyezo

Kunyamaza ni jibu kamili pale komenti haina lalamiko lolote. Mtu hajawahi kununua, hajala, kapita tu kaandika "sura mbaya" au kaweka zile emoji za kutapika. Hakuna kinachojibika hapo, na wapitaji wanaelewa. Tofauti na kesi yetu, ambapo ukimya ungesomeka kama "kweli keki ilikuwa kavu na hawajali".

Kufuta ni kwa tusi tupu, kabila, dini, mwili, mambo ya ndoa ya mtu. Lalamiko la kweli usilifute hata likiuma, aliyeliandika akirudi akakuta halipo analirudisha na skrinshoti na kichwa cha habari kipya, "wanafuta komenti", na sasa una kosa la pili ambalo halihusu keki.

Restrict ya Instagram ni ya katikati na watu hawaitumii vya kutosha. Ukimwekea mtu, komenti zake anaziona yeye peke yake mpaka wewe uziruhusu, na hapati taarifa yoyote kwamba umemfanyia hivyo. Meseji zake zinaenda Requests na haoni kama umesoma. Inafaa sana kwa mtu ambaye ukimblock itajulikana mpaka kwenye kikao cha ukoo, wifi, jirani, mfanyakazi mwenzio. Anaandika mpaka achoke.

Block ni ya mwisho. Ila piga skrinshoti kabla, kwa sababu ukimblock mtu Instagram komenti zake na laiki zake zinaondoka kwenye posti zako, na ukija kumfungulia hazirudi. Na skrinshoti ya kuhifadhi sio kama ile ya kukatwa aliyonitumia mdogo wangu. Iwe na jina la akaunti linasomeka, posti yenyewe ionekane, na uandike pembeni tarehe na saa, maana Instagram inakuonyesha tu kwamba ni masaa kadhaa au wiki kadhaa zilizopita, baada ya miezi miwili hiyo haikusaidii.

Hii ya kuhifadhi inakuwa lazima kama ndani ya komenti kuna kitisho, "najua unapokaa", "nitakumwagia", au mtu anatuma picha zako. Hapo rasimu za utulivu weka pembeni, usimjibu kabisa, hifadhi na peleka polisi. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23 kinahusu kumnyanyasa mtu kimtandao, na Kenya ipo yao ya 2018, kifungu cha 27. Keki kavu kama tofali haifiki huko, hata na yale mayai, kwahiyo usimtishie mtu mahakama kwenye komenti ya keki, unaonekana mdogo.

Akiwa ni shangazi

Hii hainihusu mimi na keki ila naulizwa sana, skrinshoti inakuja, komenti ni ya Facebook chini ya picha ya familia, "umepauka mwanangu, huko kwa mume hula?" na mwandishi ni shangazi mtu, umri wake miaka sitini na. Hapo hakuna rasimu ya komenti. Ukimjibu hadharani hata kwa adabu zote za dunia umemjibu shangazi hadharani, na mama yako atapigiwa kabla hujaweka simu chini. Ukifuta ataona, atauliza kwenye grupu la ukoo.

Unampigia. Shikamoo shangazi, za huko, miguu inaendeleaje, habari za shamba. Mpe muda aulize ya kwako. Halafu, "shangazi ile komenti yako niliiona, watu wa kwa mume wangu nao wanaisoma, naona aibu kidogo, ukiwa na neno kuhusu mimi nipigie mwenyewe." Wengi wao hawajui kabisa kwamba mawifi wanaona, wanadhani wanaandika kwako tu. Akisema "haya nifute vipi sasa", muongoze akiwa kwenye laini: aibonyeze ile komenti aishikilie mpaka vitokee vya kuchagua, achague kufuta. Simu yake ikiwa ya Kiingereza imeandikwa Delete, msomee herufi moja moja.